Shajara ya mradi: kupima maji ya gatini kwa kunasa upana wa mwangwi

Jumamosi, kuanza

Ami yangu ana gati dogo la mbao upande wa Matondoni, kisiwani Lamu, na mashua mbili zinazopeleka mizigo Pate. Njia ya Pate hupita mkondo wa Mkanda, na Mkanda ni kina kifupi: maji yakiwa hayajajaa vya kutosha, mashua yenye mzigo hukaa chini ikangoja. Kwa hiyo kila safari huanza kwa mtu kwenda mwisho wa gati kutazama mti wa vipimo. Ni boriti la mkoko tulilolichimbia kwenye tope na kulitia alama za rangi kila sentimita 10. Mchana halina shida. Usiku, na hasa alfajiri ya giza, mtu humulika tochi akabahatisha.

Nataka kifaa kinachopima urefu wa maji kila dakika na kuandika kwenye kadi, na chenye skrini ndogo ndani ya banda. Ninavyo vitu hivi tayari: bodi ya Arduino Nano yenye chipu ya ATmega328P, kihisi cha HC-SR04 cha macho mawili, na waya. Kihisi nitakifunga chini ya ubao unaochomoza mita moja nje ya gati, kikitazama maji wima. Nimepima kwa futi: kutoka uso wa kihisi hadi sifuri ya mti wetu ni sentimita 420. Basi urefu wa maji ni 420 kutoa umbali ambao kihisi kimeupima.

Kihisi chenyewe hufanya kazi hivi. Unaipa pini ya kichocheo volti kwa maikrosekunde 10. Kinapiga mlio wa kilohezi 40 ambao sikio halisikii, kisha pini ya mwangwi inapanda juu na kubaki juu mpaka mlio urudi. Umbali wote umo katika muda ambao pini hiyo imekaa juu. Kupima maji, kwa hiyo, ni kupima upana wa pigo moja la umeme. Mlio wa kwenda na kurudi wa mita 3 na nusu hujaza kama milisekunde 20.

Jumapili, kwa nini sikuishia kwenye `pulseIn`

Nilianza na njia rahisi, ile kazi iliyo tayari ya `pulseIn`. Nyumbani, kihisi juu ya meza, ukuta ukiwa mita 2 mbele yake. Kila kitu kimetulia, hakuna upepo, na bado namba zinacheza huku na huku kwa sehemu ya sentimita. Nilipoongeza kazi ya kuandika kwenye kadi na kuchora skrini, zikacheza zaidi.

Sababu naijua. `pulseIn` humfanya prosesa asimame akizunguka na kuhesabu mizunguko yake mpaka pini ishuke. Katikati ya kuhesabu, taima nyingine ya bodi humkatiza kila milisekunde moja na kidogo ili aongeze saa yake. Muda anaoutumia kule hauhesabiwi, kwa hiyo pigo husomeka fupi kuliko lilivyo, na ufupi huo haulingani kila mara. Pia, wakati wote huo prosesa hafanyi kazi nyingine yoyote.

Chipu hii ina njia iliyo bora, nayo ndiyo mradi wenyewe. Taima ya 1 ni kaunta ya biti 16 inayohesabu yenyewe bila kumtegemea prosesa. Ina pini yake maalumu, ICP1, ambayo kwenye Nano imeandikwa D8. Ukingo wa umeme ukifika pale, maunzi yenyewe hunakili namba iliyokuwa kwenye kaunta saa ileile na kuiweka katika rejista ya `ICR1`. Prosesa anaweza kuwa anaandika kwenye kadi au anachora skrini, haidhuru. Ni kama karani aliyesimama mlangoni mwa bandari anayeandika saa chombo kinapovuka, nawe ukaja kusoma daftari baadaye kidogo: kuchelewa kwako hakubadilishi saa iliyoandikwa. Sharti ni moja tu, usome kabla chombo cha pili hakijavuka, maana daftari lina mstari mmoja.

Kwa hiyo: nanasa ukingo wa kupanda, naweka namba. Nageuza mtego utazame ukingo wa kushuka, nanasa, natoa. Tofauti ndiyo upana wa pigo.

Jumapili usiku, namba zisizozidi 255

Nimeandika mpangilio wa taima, nikaujaribu kwa ukuta uleule. Namba zikatoka ndogo ndogo, hazivuki 255, na mara nyingine zinaruka hadi zaidi ya 65,000. Nilipoteza saa nzima nikichunguza waya.

Kosa lilikuwa ni mimi kuacha mstari mmoja. Bodi inapowashwa, kabla ya kodi yangu kuanza, taima ya 1 huwa imeshapangwa kwa kazi nyingine, ya kutoa mawimbi ya kufifisha taa. Katika hali hiyo kaunta hupanda mpaka 255, ikageuka na kushuka tena. Nami nilikuwa nimepanga rejista ya B peke yake na kuiacha ya A kama ilivyo. Ukiona namba zako zimegota 255, tazama hapo kwanza.

```c
TCCR1A = 0;
TCCR1B = (1<<ICNC1) | (1<<ICES1) | (1<<CS11);
TIFR1  = (1<<ICF1);
TIMSK1 = (1<<ICIE1);
```

`CS11` hugawa saa ya megahezi 16 kwa 8, kwa hiyo kila tiki ni nusu maikrosekunde. `ICES1` ni mtego wa ukingo wa kupanda. `ICNC1` ni kichujio cha kelele: maunzi hungoja mpaka pini isomeke vilevile mara nne mfululizo ndipo yaamini kuwa ukingo umefika. Nimekiweka kwa sababu waya wangu wa gatini utakuwa mrefu. Kinachelewesha kunasa kwa mapigo manne ya saa, robo ya maikrosekunde, lakini kinachelewesha kingo zote mbili sawasawa, na unapotoa, ucheleweshaji huo unajifuta wenyewe.

Na hii ndiyo kazi ya katizo, ile ambayo prosesa huiendea kila ukingo unaponaswa:

```c
ISR(TIMER1_CAPT_vect) {
  uint16_t t = ICR1;
  if (TCCR1B & (1<<ICES1)) {
    mwanzo = t;
    TCCR1B &= ~(1<<ICES1);
  } else {
    upana = t - mwanzo;
    TCCR1B |= (1<<ICES1);
    tayari = 1;
  }
  TIFR1 = (1<<ICF1);
}
```

Mstari wa mwisho si wa mapambo. Kugeuza mtego kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine kunaweza kuinua bendera ya `ICF1`, ile inayotangaza kwamba ukingo umenaswa, bila ukingo wowote wa kweli, na usipoifuta, katizo litaitwa tena papo hapo likiwa na namba ya uongo. Hufutwa kwa kuandikiwa 1.

Ukuta wa mita 2 sasa unasomeka na kutulia. Tiki zinatofautiana chache tu kati ya kipimo na kipimo.

Jumatano, gatini

Tumefunga. Ami alishika ngazi, mimi nikapigilia ubao. Kihisi kimo ndani ya kikopo cha plastiki, macho yake mawili tu ndiyo yaliyo nje. Ni siku za maji mafu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Mti wa vipimo unasema 150, skrini inasema 152. Ukingoja dakika tano, mti 155, skrini 157. Umbali naupata kwa kugawa maikrosekunde kwa 58, kama wafanyavyo watu wengi. Nilirudi nyumbani nimeridhika.

Jumatano ya pili, bamvua

Mwezi umepevuka na bamvua limeingia. Saa nne na nusu asubuhi maji yamekupwa kabisa, tope linaonekana mpaka kwenye mikoko, mashua zimelala ubavu. Ami alitazama skrini bandani akaniita.

"Mwanangu, mai yamekupwa, kifaa chako chasema yamejaa?"

Nikatazama. 41, 40, 42, kisha 330. Kisha 41 tena, kisha 330, 330, 39. Mti wenyewe ulikuwa karibu na 40. Kwa hiyo vipimo vingi ni sahihi, na katikati yake mna namba inayodai kwamba maji yako sentimita 90 tu chini ya kihisi.

Lililonitia wasiwasi ni kwamba 330 si namba ya kipuuzi. Ndiyo hasa maji yanapofika bamvua likijaa. Ingekuwa 900 ningeitupa bila kufikiri. Hii ingeweza kuingia kwenye kadi na kukaa humo kama ukweli, na mtu akapakia mashua kwa kuiamini.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa nguzo. Mlio wa kihisi hiki hautoki kama uzi, hutanuka kadiri unavyokwenda, na nilidhani unagusa ukingo wa ngazi ya gati njiani. Nikasogeza ubao nje kwa nusu mita. Namba 330 ikabaki palepale. Dhana ya pili ilikuwa waya. Nikaubadilisha. Ikabaki.

Ndipo nikaacha kutazama sentimita nikachapisha tiki ghafi. Hizi hapa ni chache, zikifuatana:

```
43982
44037
10451
43960
10470
10464
```

Zile za 44,000 ni maji ya kweli: nusu maikrosekunde mara 44,000 ni milisekunde 22, gawa kwa 58 upate sentimita 379, toa kwenye 420 ubaki na 41. Zile za 10,460 ndizo 330. Nikaona jambo moja: mzimu ule umetulia kuliko maji yenyewe. Maji yanacheza kwa sababu ya viwimbi, nao haukucheza kwa kiasi kile. Kitu kinachorudisha mwangwi juu ya bahari hakiwezi kutulia hivyo.

Jumatano hiyohiyo, usiku, juu ya paa

Nilimfungua kihisi nikapanda naye juu ya paa la nyumba. Nikamwelekeza mbinguni. Hapakuwa na kitu mbele yake ila hewa, wala waya wa umeme wala mti. Skrini ikaandika sentimita 90, tena na tena, bila kukosa.

Hapo nikajua kwamba 90 ndiyo sura ya "hakuna mwangwi".

Karatasi ya kihisi inasema mlio usiporudi, pini ya mwangwi hubaki juu kwa kama milisekunde 38, kisha hushuka. Kwa tiki za nusu maikrosekunde hizo ni tiki 76,000. Kaunta ya biti 16 inaweza kushika 65,536 tu, yaani milisekunde 32.768. Kwa hiyo katikati ya pigo hilo refu kaunta inafurika na kuanza tena sifuri, na mimi nikitoa mwisho kwa mwanzo napata mabaki:

```
76000 - 65536 = 10464
10464 x 0.5 us = 5232 us
5232 / 58 = 90.2 cm
```

Inafaa kusimama hapa, kwa sababu kufurika kwenyewe si kosa. Kaunta haijui pigo limeanza lini. Huzunguka tu, na mara nyingi pigo la kawaida huanza kaunta ikiwa 60,000 na kuisha ikiwa 20,000. Kutoa kwa namba za biti 16 zisizo na alama ya hasi hurekebisha hilo lenyewe: 20,000 toa 60,000 hutoka 25,536, nalo ni jibu sahihi. Ndiyo maana wiki nzima ya maji mafu sikuona tatizo. Hesabu hiyo ni sahihi mradi pigo lenyewe lisizidi mzunguko mmoja. Likizidi, jibu halitoki la ajabu, linatoka dogo lenye sura ya kweli.

Na kwa nini bamvua likikupwa? Kwa sababu maji yako mita 3.8 chini, karibu na mwisho wa uwezo wa kihisi, ambao ni mita 4. Tena uso wa maji ni kama kioo kwa mlio huu. Kiwimbi kikiinama kidogo tu, mlio huruka kando na haurudi. Karibu, bado kiasi fulani hurudi. Mbali, hupotea wote.

Alhamisi, kuhesabu mafuriko

Dawa ya kwanza niliyoiendea ni ya vitabuni: kuhesabu mara ngapi kaunta imefurika, na kuunganisha hesabu hiyo na `ICR1` kupata namba ya biti 32. Nikawasha katizo la kufurika, `TIMER1_OVF_vect`, ambalo linaongeza moja kwenye `mizunguko`. Mzimu wa 90 ukaondoka. Juu ya paa sasa kihisi kinasema sentimita 655, umbali ambao kifaa hiki hakiwezi kuupima, na kodi inautupa.

Niliacha kikipima ukuta wa mita 2 usiku kucha, mara kumi kwa sekunde. Asubuhi, kati ya vipimo zaidi ya laki mbili, vipo 41 vibovu. Baadhi vinasema sentimita 765, yaani 200 za kweli na 565 za nyongeza. Vingine ni namba kubwa mno isiyo na maana. Sentimita 565 ni milisekunde 32.768, ni furiko moja kamili. Kwa hiyo mara chache sana hesabu ya mafuriko inakosa moja.

Hili linatokea ukingo wa mwangwi ukifika karibu kabisa na wakati kaunta inafurika. Makatizo yote mawili yanasubiri pamoja, na chipu hii huhudumia la kunasa kabla ya la kufurika. Kazi yangu ya kunasa inasoma `ICR1` yenye namba ndogo, ya baada ya kufurika, lakini `mizunguko` bado ni ya kabla. Kama ni ukingo wa mwanzo, pigo linaonekana refu kwa mzunguko mmoja. Kama ni wa mwisho, linaonekana hasi. Dirisha la kosa ni maikrosekunde chache katika kila elfu 32, ndiyo maana mezani kwa dakika kumi hulioni.

Tiba yake ni mstari mmoja ndani ya kazi ya kunasa, ambapo `m` ni nakala ya `mizunguko`:

```c
if ((TIFR1 & (1<<TOV1)) && t < 0x8000) m++;
```

Kama bendera ya kufurika imeinuka na haijahudumiwa, na namba iliyonaswa ni ndogo, basi ukingo ulifika baada ya furiko, ongeza moja. Kama namba iliyonaswa ni kubwa, ukingo ulifika kabla, usiongeze. Usiku uliofuata hapakuwa na kosa hata moja.

Jumamosi, nimefuta nusu ya kodi

Nilikaa nikaitazama ile kodi ya biti 32. Ni sahihi. Lakini nimejiuliza ninaihitaji kwa nini. Niliishikilia tiki ya nusu maikrosekunde kwa sababu ilionekana nzuri, na nusu maikrosekunde ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ninapima bahari. Kiwimbi cha mashua ikipita ni sentimita 10.

Nikigawa saa kwa 64 badala ya 8, tiki inakuwa maikrosekunde 4, ambayo ni milimita 0.7 za umbali. Kihisi chenyewe hakina usahihi wa kufika hapo. Na kaunta sasa huchukua milisekunde 262 kufurika. Pigo la milisekunde 38 linakuwa tiki 9,500 na linaenea ndani bila shida. Katizo la kufurika, hesabu ya biti 32, na ule mstari wa ujanja vyote vinaondoka.

```c
TCCR1B = (1<<ICNC1) | (1<<ICES1) | (1<<CS11) | (1<<CS10);
```

Kichujio cha kelele hakibadiliki, chenyewe hufuata saa ya chipu na si ya taima. Kisha nikaweka kanuni: upana wowote unaozidi tiki 6,000, yaani milisekunde 24, si umbali, ni "hakuna mwangwi", na skrini inaonyesha kistari.

Mtu anayepima sehemu za milimita ndani ya bomba atafanya kinyume na mimi, na atakuwa sahihi. Mimi naona kwamba tiki huchaguliwa kwa kuanzia pigo refu kuliko yote linaloweza kuja, likiwemo lile la kushindwa, halafu ndipo utazame udogo unaoutaka.

Nimeongeza jambo moja. Kabla ya kila kichocheo narudisha mtego kwenye ukingo wa kupanda na kufuta bendera. Kelele ikileta ukingo wa bandia, mtego hubaki umegeuka, na tangu hapo ningekuwa napima muda wa pini kuwa chini badala ya juu, bila kujua. Kuurudisha kila mara kunafanya kosa lisidumu zaidi ya kipimo kimoja.

Jumanne, zile sentimita zilizobaki

Mzimu umekwisha, nikaweza kuona kosa dogo lililojificha nyuma yake. Maji yakiwa juu, skrini na mti vinakubaliana. Yakiwa chini, skrini inazidisha. Leo asubuhi nilingoja mpaka tiki zikatulia kwenye 5,000, ili hesabu iwe nyepesi. Hizo ni milisekunde 20. Kwa kugawa kwa 58 umbali ni sentimita 344.8, maji 75. Mti unasema 69.

Ile 58 ina kasi ya sauti ndani yake, kama mita 345 kwa sekunde, nayo ni ya hewa yenye nyuzi 22 au 23. Huku kwetu kipimajoto kilichokuwa chini ya ubao kilisoma nyuzi 30. Kasi ya sauti katika hewa kavu hupatikana kwa kuzidisha nyuzi kwa 0.606 na kuongeza 331.3, ambayo hapa ni 349.5. Milisekunde 20 kwa kasi hiyo, kwenda na kurudi, ni sentimita 349.5. Maji 70 na nusu.

Imebaki sentimita moja na nusu. Hewa ya juu ya maji haya si kavu hata kidogo, nguo hazikauki kivulini. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa na huongeza kasi ya sauti, na kwa joto hili na unyevu wa robo tatu nyongeza ni kama nusu ya asilimia. Hiyo inanifikisha mita 351.2 kwa sekunde, umbali 351, maji 69. Siwezi kuapa kwamba yote ni unyevu, maana saa ya bodi nayo huwa na kosa lake dogo la asilimia. Lakini saa haibadiliki na majira, kwa hiyo nalinganisha na mti na kusawazisha mara moja. Joto nitalisoma kila kipimo kwa kihisi kingine kidogo. Unyevu nimeuacha uwe namba ya kudumu.

Kosa la karibu asilimia mbili halionekani maji yakiwa sentimita 90 chini ya kihisi, ni sentimita moja na nusu hivi. Yakiwa mita 3.5 chini, ni sita.

Ijumaa, bamvua la mwezi mwandamo

Sasa kila dakika kifaa hupiga mara tisa, milisekunde 100 kati ya pigo na pigo ili mwangwi wa mwanzo uishe kabla ya unaofuata. Navipanga vipimo vilivyorudi kwa ukubwa na kuchukua cha katikati. Vikirudi chini ya vitano, naandika kistari kwenye kadi. Wastani sikuutumia, kwa sababu kipimo kimoja cha uongo huuvuta wote, na cha katikati hakikijali.

Saa tano kasoro robo maji yalifika mwisho wa kupwa. Ami alishuka kwenye tope mpaka magotini akasoma mti mwenyewe, akipaza sauti, mimi nikiandika namba za bandani kando ya zake. 38 kwa 38. 37 kwa 39. 37 kwa 37. Kisha kistari, kistari, 38 kwa 37.

"Hiyo yenye kistari ni kitu gani?"

Nikamwambia ni dakika ambazo maji hayakujibu.

"Na zamani ingesema yamejaa."

"Ndiyo, ami."

Adhuhuri upepo ulipokaza, vistari viliongezeka mpaka kimoja katika kila dakika nne, wakati maji yangali chini ya mita moja. Hilo halitatatuliwa na taima. Nitashusha ubao kwa sentimita 50, kwa sababu maji yakijaa kabisa bado ninazo 90 na kihisi kinahitaji mbili tu. Zitabaki 40, za kutosha kwa mawimbi ya kaskazi. Kitu cha pili ni chumvi: nyavu za macho ya kihisi zimeanza kupata doa la kijani baada ya majuma matatu. Nimeagiza kile cha aina isiyopitisha maji, chenye jicho moja. Nitakapokipata nitakipeleka kwanza juu ya paa nikielekeze mbinguni, nisome tiki zake kikiwa hakioni kitu.